Elfu Mia na Hamsini

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, chini kabisa ya sanduku la bibi kule Msimbati, si mbali na pale Ruvuma inapomwaga maji yake baharini. Ilikuwa hati ya rehani ya mwaka 1978. Babu alimwekea jirani minazi yake rehani ili apate fedha za kumtibu mtoto. Masharti yalikuwa mafupi: mwenye fedha ale nazi, na siku fedha ile ile itakaporudi, minazi nayo irudi.

Mjomba aliniita kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta. "Mpwa wangu, mchwa watatumalizia hizi karatasi. Ziingize humo."

Nikachora jedwali lenye safu nne: tarehe, mtoaji, mpokeaji, kiasi. Kwenye kiasi babu alikuwa ameandika "shilingi elfu mia na hamsini". Nikaandika 150,000, nikaendelea na karatasi nyingine.

Mjomba alichapisha jedwali lile mjini Mtwara, akawapelekea nakala watoto wa yule jirani. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kwa masikio ya leo 150,000 ni kiasi cha kawaida. Tulianza hata kuchanga. Bibi ndiye aliyetusimamisha, siku aliposikia watu wanataja michango barazani.

"Laki na nusu?" akauliza. "Mwaka ule nani hapa Msimbati alikuwa na laki na nusu ya kumkopesha mtu?"

Nikaitoa tena karatasi. Kosa halikuwa kwenye mwandiko wa babu, lilikuwa kwenye usomaji wangu. Katika Kiswahili, idadi ya maelfu hufuata baada ya neno elfu, na kinachoongezwa juu ya maelfu hayo nacho hufuata baada yake. Kwa hiyo "elfu mia na hamsini" inaweza kuwa maelfu mia moja na hamsini, yaani 150,000. Inaweza pia kuwa elfu moja, kisha mia, kisha hamsini, yaani 1,150. Mtu anayezungumza huzitenganisha kwa pumzi kidogo baada ya elfu. Karatasi haina pumzi, na babu hakuwa mtu wa koma.

Bibi aliniambia nigeuze upande wa pili. Kulikuwa na mstari ambao niliuona siku ya kwanza nikauacha, kwa sababu jedwali langu halikuwa na safu yake: "minazi ishirini na mitatu, kila mmoja hamsini". Ishirini na tatu mara hamsini ni 1,150. Babu alikuwa ameacha ushahidi, mimi nikaufuta kwa kutouandika.

Jambo halikuishia hapo. Watoto wa jirani walikuwa wameshika nakala yetu. "Nyinyi wenyewe ndio mmetuandikia," alisema mkubwa wao, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Upande wetu nao, vijana walitaka tupeleke 1,150 na kuchukua minazi, ilhali fedha hiyo leo hainunui kitu cha maana sokoni. Wazee walikaa nao jioni mbili. Mwishowe tulilipa kiasi walichokubaliana wote, kikubwa kuliko cha hati na kidogo kuliko cha jedwali langu. Lakini safari hii kila mtu alijua babu alikopa nini. Kosa langu lilikuwa limekaribia kuamua kwa niaba yao.

Sasa jedwali lina safu mbili za fedha. Ya kwanza ni "kama kilivyoandikwa": maneno ya karatasi, herufi kwa herufi, hata pale mwandishi alipokosea tahajia. Ya pili ni "ninavyosoma": tarakimu, pamoja na sababu ya kusoma hivyo, kama vile bei ya mnazi mmoja, au kiasi hicho hicho kutajwa tena kwenye risiti. Pasipo sababu, safu ya pili inabaki tupu. Nikikosea kwenye tarakimu, atakayekuja baada yangu atakuta maneno na kunisahihisha.

Ipo karatasi moja ambayo bado sijaijazia. Inasema "elfu ishirini na tano". Sokoni watu hukwepa mtego huu kwa kugeuza maneno, wakasema "ishirini na tano elfu", na hapo hakuna wa kubishana naye. Aliyeandika hii hakugeuza. Akili yangu inaniambia ni 25,000, kwa kuwa ni nani atakayeandikiana hati yenye shilingi tano juu ya 20,000? Lakini akili hiyo hiyo ndiyo iliyoniambia 150,000. Bibi anasema aliyeandika ana dada yake Kilambo, bado yu hai. Nitakwenda kumuuliza kabla sijagusa safu ya pili.