Kushusha Usiku, Kusikiliza Njiani

Miaka niliyofundisha Mafinga, intaneti ilikuwa kitu cha kufuatwa. Kafe ilikuwa karibu na stendi, malipo yalihesabiwa kwa dakika, na mtu alikuja na mambo yake ameshayaandika kwenye karatasi ili muda usimwishie akiwa bado anafikiri. Mimi karatasi yangu ilikuwa na anwani za RSS, na mfukoni nilikuwa na flashi.

Nilichokifuata hasa ni Noa Bongo, ile michezo ya redio ya Deutsche Welle kwa vijana. Redioni vipindi vile vilirushwa saa ambazo mimi niko darasani, na aliyekosa amekosa. Lakini vilikuwa pia na mlisho wa RSS, na mlisho haujali uko darasani au shambani. Kivinjari cha Firefox cha enzi zile kiliusoma mlisho chenyewe. Unabandika anwani, inafunguka orodha ya vipindi, kipya kikiwa juu, na chini ya kila kimoja kuna kisanduku kidogo chenye jina la faili la sauti na ukubwa wake. Unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unahifadhi kwenye flashi, unahamia kinachofuata. Jioni nyumbani nahamishia kwenye kichezeshi cha MP3, na Jumamosi nikipanda basi la Iringa nina cha kusikiliza mpaka mwisho wa safari, pamoja na ule muda mrefu wa kungoja basi lijae.

Kwa miaka mingi nilidhani huo ni ujanja wetu sisi wenye mtandao wa kusuasua. Baadaye nikaja kujua kwamba kitu chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mwaka 2000 Adam Curry, mtangazaji aliyevuma kwenye MTV, alimwendea Dave Winer, mtengenezaji wa programu za kompyuta, na malalamiko yake: ukibofya sauti au video kwenye intaneti unakaa kungoja, na ukishangoja unachopata hakina ubora. Wazo lake lilikuwa kompyuta ishushe faili kubwa wakati hakuna anayelihitaji, usiku watu wamelala, ili mtu akibofya asubuhi alikute limeshafika. Desemba mwaka huohuo Winer akaingiza kwenye RSS, toleo la 0.92, kipengele kiitwacho `enclosure`. Ikapita miaka kadhaa kabla hakijapata watumiaji wengi. Mwaka 2004 Curry akatoa iPodder, programu iliyosoma milisho na kushusha sauti yenyewe, na Juni 2005 Apple wakaingiza podikasti ndani ya iTunes. Dunia nzima ikadhani jambo ni jipya.

Kipengele chenyewe ni mstari mmoja tu. Ukifungua mlisho wowote wa podikasti kama maandishi ya kawaida, ndani ya kila kipindi utaukuta, umekaa hivi:

```xml
<enclosure url="https://example.org/sauti/kipindi-41.mp3"
           length="14400000" type="audio/mpeg"/>
```

Mambo matatu, basi: faili liko wapi, lina baiti ngapi, ni la aina gani. Mengine yote kwenye mlisho, yaani picha, maelezo na majina ya wageni, ni mapambo. Namba ya katikati ndiyo niliyoizoea kuliko zote. Kipindi cha dakika 30 kilichorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde kinatoa baiti 14,400,000, karibu megabaiti 14 na nusu. Kikirekodiwa kwa kilobiti 128 kinakuwa mara mbili yake. Kwa hiyo mtu wa bando anaweza kupiga hesabu kabla hajagusa chochote: nusu megabaiti kwa dakika kwa kile cha kwanza, megabaiti moja kwa dakika kwa cha pili. Na mazungumzo ya watu wawili kwa kilobiti 64, sauti ya mono, yanasikika vizuri kabisa hata basi likiwa linapanda Kitonga kwa gia ya kwanza.

Namba hiyohiyo ndiyo inayokuambia kama umepata kipindi au umepata upepo. Pale kafe muda ukikuishia katikati ya kazi, kompyuta ilikurudisha kwenye ukurasa wa kuingiza namba ya malipo, na kivinjari kikahifadhi ukurasa huo kwa jina la kipindi. Unafika nyumbani, faili linaitwa `kipindi-41.mp3` na halitoi sauti. Ukitazama ukubwa wake, ni kilobaiti chache. Ukilifungua kwa Notepad, linaanza na `<html>`. Wi-Fi za hotelini na za uwanja wa ndege zinaweza kufanya vilevile mpaka leo, kwa hiyo nawaambia wenzangu kabla ya safari watazame ukubwa wa faili, wasitazame jina.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi pwani ya Afrika Mashariki, na miaka iliyofuata kasi ikaanza kutufikia hata sisi wa bara, polepole na kwa bei. Kafe zikafungwa moja baada ya nyingine kwa sababu kila mtu alikuwa na kafe yake mfukoni. Nilipopata simu janja niliweka AntennaPod, programu ya bure isiyo na matangazo ambayo ipo tangu 2012, nikaipa zile anwani zangu za kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipoiona ndoto ya Curry ikitimia kwangu. Nilinunua bando la usiku, linaloanza saa sita na kuisha alfajiri, nikapanga foleni ya vipindi na kulala. Nikiamka, vipo.

Si kwamba kila usiku ulikwenda sawa. Simu nyingi za bei ya chini huua programu zinazofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, eti kuokoa betri, na unaamka unakuta foleni imesimama palepale ulipoiacha. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiondoa programu yako kwenye orodha ya zinazobanwa. Mtandao ukikatika katikati, programu nzuri haianzi upya. Inaiambia seva ni baiti ngapi imeshapata na kuomba zilizobaki. Kwenye kompyuta, amri ya `wget -c` ikifuatwa na anwani ya faili inafanya kazi hiyohiyo.

Siku hizi lakini kuendelea pale ulipoishia kuna tatizo ambalo zamani halikuwepo, na limewashangaza wengi. Watengenezaji wengi wakubwa hawapachiki tena matangazo ya biashara wakati wa kurekodi. Seva inayachomeka dakika ileile unapoomba faili, kulingana na uko nchi gani na ni siku gani. Maana yake faili uliloanza kulishusha saa saba usiku na lile unaloliendeleza saa kumi yanaweza yasiwe faili moja: hili tangazo lake ni la sekunde 30, lile ni la dakika nzima. Vipande viwili vikiungwa, unasikia mgeni anaruka sentensi, au anarudia aliyoyasema muda mfupi uliopita, au panakwaruza kidogo kisha mazungumzo yanaendelea mahali pengine. Ukilinganisha ukubwa na ile namba ya `length`, haviendani. Hata faili zima la podikasti za namna hiyo haliendani na namba yake, kwa hiyo tofauti ndogo isikutie hofu. Kinachokuambia kuna kasoro ni sikio. Hakuna cha kutengeneza hapo. Futa, ushushe tena kwa mkupuo mmoja.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja kimyakimya. Kasi ilipoongezeka, watu wakaacha kushusha, wakawa wanasikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni. Desemba 2018 Firefox, toleo la 64, likaondoa kabisa uwezo wa kusoma milisho. Kile kisanduku changu cha faili za sauti hakipo tena. Programu za muziki zikaingiza podikasti, zikaweka na kitufe cha kushusha, na wengi wakaona mambo ni yaleyale.

Si yaleyale. Mpwa wangu alinionyesha hilo tukiwa ndani ya basi la kwenda Dar es Salaam, tumeingia kipande cha Mikumi ambako simu yake ilikuwa haishiki mtandao. Usiku wa kuamkia safari alikuwa amejaza vipindi kwenye programu moja ya kulipia. Kila kimoja kilikuwa na alama ya kijani kwamba kimeshushwa, na kila alichogusa kilimjibu kwamba aunganishe intaneti kwanza.

"Mjomba, si nimeshusha jamani? Bando limeisha kabisa!"

Alikuwa ameshusha kweli. Vile vipindi vilikuwa ndani ya simu yake, vimekula nafasi na bando lake, ila vilikuwa vimefungwa kwa ufunguo, na ufunguo unahitaji kuthibitishwa mtandaoni. Nilimpa vyangu kwa Bluetooth, MP3 za kawaida kutoka kwenye mlisho wa kipindi kilekile, akavisikiliza mpaka Morogoro. Faili lililotoka kwenye `enclosure` halimuulizi mtu kitu. Unaweza kulihamishia kwenye kompyuta, kwenye flashi ya redio ya gari, au kwenye kile kiredio cha bibi chenye tundu la kadi ya kumbukumbu.

Na lina faida nyingine ambayo niliigundua kwa miaka. Milisho mingi haibebi vipindi vyote. Ikifika idadi fulani, kipya kikiingia juu cha zamani kinadondoka chini, na mara nyingine faili lenyewe linaondolewa kwenye seva. Vipindi vyangu vya Noa Bongo vya wakati ule bado ninavyo, vimehama flashi hadi flashi, na vinacheza. Hata programu niliyowahi kuitumia kwenye kompyuta ilipofungwa sikupoteza kitu. Nilitoa orodha ya milisho yangu kama faili la OPML, ambalo ni maandishi tu yenye anwani, nikaliingiza kwenye programu nyingine, vipindi vikaendelea kuja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaorekodi podikasti za Kiswahili, ambao sasa ni wengi na baadhi yao wazuri sana. Msituwekee viungo vya programu za kulipia na vya video peke yake. Karibu kila huduma ya kuhifadhi podikasti inawatengenezea anwani ya RSS, hata kama hamjawahi kuitazama. Iwekeni mahali inapoonekana. Na mazungumzo yatoeni kwa mono, kilobiti 64. Wasikilizaji wenu wengi wako kwenye basi.