Shamba la Babu

Jumatatu, 12 Januari 2026

Nimefika Wundanyi. Kaka ameniwekea makaratasi mezani hata viatu sijavua. Hatimiliki ya shamba la ekari tatu bado ina jina la babu, aliyefariki 1994. Baba naye alikufa bila kufungua mirathi, kwa hiyo hatuwezi kugusa fungu lake kabla mali ya babu haijagawanywa. "Wewe tia sahihi tu," anasema, "mkaidi ni Baba Mdogo." Huyo tangu matanga ya babu hakusemezana na baba. Nimekuja kutoka Leeds nikiwa tayari nimemkasirikia.

Jumanne, 13 Januari

Leo nimesoma kabla ya kutia sahihi. Mahakama hutegemea barua ya chifu kujua marehemu ameacha nani. Humu chini ya jina la baba yumo kaka peke yake. Shangazi hayumo kabisa. Nilipomuuliza kaka, akasema wanawake huolewa. Mimi sijaolewa, na hata ningeolewa, sheria ya urithi inayotumika tangu 1981 haimpunguzii binti fungu. Mrithi akifichwa, kibali cha mahakama kinaweza kufutwa hata baada ya miaka.

Sikulala vizuri.

Jumatano, 14 Januari

Nimepanda kwa Baba Mdogo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Umenenepa."

Akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akatoa nakala ya barua ile ile. Kidole chake, kucha imejaa udongo mwekundu, kikashuka jina kwa jina hadi mwisho wa ukurasa.

"Uko wapi wewe hapa?"

"Sipo."

"Na dada yangu?"

"Hayupo."

"Basi ningeiridhia nini?"

Fomu aliyoikataa ni ile ya ridhaa, namba 38, ambayo mwenye haki sawa na mwombaji huitia sahihi kumruhusu aendelee. Kaka hakuwahi kuniambia sababu ya kukataa. Nikamuuliza kuhusu baba. Akasema baba alikata msonobari wa mpaka bila kumwambia, akanyamaza, akanimiminia chai. Miaka yote hiyo, msonobari! Sikumpa pole wala sikumlaumu.

Ijumaa, 16 Januari

Chifu ameandika barua nyingine, na majina yote yamo. Waombaji ni Baba Mdogo na kaka. Mimi na shangazi tumetia sahihi fomu ya ridhaa mbele ya wakili. Tumekubaliana ekari moja kwa kila mtoto wa babu, ya baba tugawane nusu kwa nusu. Kaka amenuna njia nzima, ila ametia sahihi.

Bado tangazo katika Gazeti Rasmi na siku 30 za pingamizi. Kibali kikishatolewa, tutangoja miezi sita kithibitishwe ndipo shamba ligawanywe. Nimemwachia Baba Mdogo nakala za kitambulisho changu na cheti cha kuzaliwa. Kaka sikumwachia.