Saa sita mchana chati haisemi kitu

Baada ya kipindi cha chati, wengi mliniuliza swali lilelile: kwa nini ishara nzuri kabisa inakufa siku ya tangazo la riba? Basi tuchukue siku moja, tarehe 4 Novemba 2021.

Katikati ya Oktoba gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, Andrew Bailey, alikuwa amesema watalazimika kuchukua hatua juu ya mfumuko wa bei. Soko likaelewa kwamba riba inapanda, na bei ya pauni ikabeba matumaini hayo mapema. Saa sita mchana kamili ikatangazwa: kura 7 kwa 2, riba inabaki asilimia 0.1. Pauni ikaanguka zaidi ya asilimia 1 dhidi ya dola siku hiyo.

Sasa, RSI kwenye mishumaa midogo ikishuka chini ya 30, kitabu kinakwambia imeuzwa kupita kiasi, nunua. Lakini hapa hakuna wauzaji waliochoka. Kuna bei iliyojengwa juu ya riba ambayo haikuja, na ilikuwa inatafuta mahali pake papya. Kesho yake pauni iliendelea kushuka.

Saa zile kabla ya tangazo ndizo zinazodanganya zaidi, kwa maoni yangu. Wenye pesa nyingi huondoa oda zao, mishumaa inakuwa mifupi, na ATR inasinyaa. Tuseme kila mshumaa wa saa moja una pipsi 15, na wewe unaweka stopu mara mbili ya ATR, yaani pipsi 30. Inaonekana nidhamu, si ndiyo? Halafu mshumaa wa tangazo unakuja na pipsi 120. Stopu yako inaweza hata isijazwe pale ulipoiweka, maana wanunuzi hawapo, na pengo la bei ya kununua na kuuza limepanuka. Hata baadaye hesabu bado imepotoka: mishumaa 13 ya pipsi 15 na mmoja wa 120 inatoa wastani wa 22.5, namba ambayo hailingani na hali ya kabla wala ya baada.

Mimi hufanya hivi: sifungui biashara fupi mpya kuanzia asubuhi ya siku ya Benki Kuu. Narudi mishumaa ya saa moja ikianza tena kulingana kwa urefu, na spredi ikirudi ya kawaida. Mara nyingi ni kesho yake. Mwenye biashara ya wiki kadhaa si lazima atoke, ila apunguze ukubwa mpaka pigo la pipsi 120 liwe kitu anachoweza kulala nacho.

Kwa Wamarekani ongezeni nusu saa. Benki yao kuu inatangaza saa nane mchana za Washington, halafu saa nane na nusu mwenyekiti anaanza kujibu waandishi, na bei ikiwa imeshapanda inaweza kugeuka yote kwa jibu moja tu.