Safi na Fifi: Kumbukumbu ya Ghala la Pamba Muhuru

Muhuru hujulikana kwa samaki, na mgeni ashukaye ufukoni asubuhi, akaona omena wameanikwa juani na wachuuzi wamezizunguka mashua, huondoka akiamini kwamba watu wa pembe ile ya Kenya kando ya Ziwa Victoria, inayopakana na Tanzania, hawakupata kuishi kwa riziki nyingine. Lakini sisi tuliolelewa huko katika miaka ya mwanzo ya uhuru twakumbuka kwamba nyuma ya ufuko yalikuwapo makonde ya pamba, na kwamba ada za shule, mabati ya nyumba na mahari ya ndugu zetu wengi vilipita kwanza katika mizani ya chama cha ushirika. Mimi nilipata kuwa karani wa mizani ile, kisha nikajaaliwa umri wa kuona ghala likifungwa na baada ya miaka mingi likifunguliwa tena; kwa hiyo nataka kueleza jinsi uuzaji wa mazao kwa umoja ulivyobadilika mbele ya macho yangu.

Kazi ya kupanga daraja haikuanzia ghalani, bali ilianzia kondeni. Marehemu mama alitungojesha hata umande ukauke, kwa sababu pamba iliyochumwa na unyevu hufukuta katika gunia na kugeuka rangi, kisha akamfunga kila mmoja wetu mifuko miwili kiunoni: mmoja wa pamba nyeupe iliyofunguka vema, ambayo katika nchi zote za ziwa huitwa safi, na wa pili wa pamba yenye madoa, iliyotobolewa na funza wa vitumba au kufyonzwa na wadudu wale wekundu waachao alama ya manjano katika nyuzi, ambayo huitwa fifi. Jioni tuliimwaga juu ya mikeka tukaokota vijani vikavu kimoja kimoja, kwani jani likisha kusagika ndani ya nyuzi halitoki tena. Kazi hii ilichosha vidole, na watoto tuliichukia. Lakini mama alijua kwamba mchumaji akichanganya pamba kondeni hakuna awezaye kuitenga baadaye kwa gharama yenye maana.

Nilipokuwa karani nilifundishwa kutoamini mdomo wa gunia. Mkono ulitumbukizwa hadi chini, ukatoa konzi tatu, ya juu, ya kati na ya chini, zikawekwa kando kwa kando juu ya meza mbele ya mwenye mali. Pamba yenye maji hutambulikana kwa kushikwa, maana ukiifinya hubaki imejikunja isitanuke. Na yenye mchanga huacha vumbi mezani. Gunia likikataliwa halikurudishwa nyumbani kwa fedheha, bali mwenyewe alipewa mkeka uwanjani akachambua upya. Kisha mzigo ulipimwa, uzito wa gunia lenyewe ukatolewa, na mkulima akapokea stakabadhi yenye kilo zake za safi na kilo zake za fifi, kila moja katika mstari wake.

Bei katika zama zile haikuwa shauri letu. Serikali iliitangaza kwa nchi nzima, moja kwa safi na moja kwa fifi, na aliyekuwa Muhuru, mwisho wa barabara, alipata kama aliyekaa karibu na kinu cha kuchambulia pamba cha Homa Bay. Mpango huo ulikuwa na insafu yake, kwani dalali hakuwa na pa kuingilia; lakini ulikuwa pia na taksiri yake, kwa kuwa stakabadhi si fedha, na katika miaka ya mwisho tuliona msimu mpya ukipandwa hali malipo ya msimu uliopita hayajafika. Mkulima asiyejua atalipwa lini hukopa kwa jirani, na deni lile hula faida yote ya daraja.

Wazee wetu walijua kwamba upande wa pili wa mpaka ushirika wa pamba ulizaliwa katika ugomvi wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, waliochoka kupunjwa na wanunuzi, walijiwekea wapimaji wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani ya mfanyabiashara, na kutokana na harakati hizo, alizoziongoza Paul Bomani, likatokea mwaka 1955 shirikisho kubwa la vyama vya ushirika la Victoria, makao yake Mwanza. Kwetu mizani ilikuja pamoja na chama, kwa hiyo wengi hatukuiona thamani yake mpaka ilipoondoka.

Iliondoka baada ya mwaka 1991, serikali ya Kenya ilipoacha kupanga bei ya pamba na soko likawa huria. Wakaja watu wenye magari madogo, mizani ya kuning'iniza na fedha mkononi. Wakanunua mlangoni kwa bei moja, bila kuuliza safi wala fifi. Msimu wa kwanza ulikuwa wa furaha, na nani angelaumu, ikiwa mtu ameuza asubuhi na mchana amelipa ada ya mwanawe? Lakini mtu asiyelipwa kwa kuchambua hana sababu ya kuchambua. Mfuko wa pili kiunoni ukatupwa, wengine wakanyunyiza maji ili gunia liwe zito, na magunia ya nailoni yakaingia mahali pa yale ya katani. Hili la mwisho lilionekana dogo, kumbe ndilo lililotuharibia jina zaidi: uzi wa nailoni ukichomoka huingia katika pamba, hupita kinuni bila kuonekana, na kitambaa kikisha kutiwa rangi hujitokeza kama mstari mweupe usiokubali rangi. Mwenye kinu akajikinga kwa njia aliyokuwa nayo, yaani kulipa pamba yote kama fifi, hata ile ya mjane aliyeichambua usiku kucha. Ghala letu likafungwa, na makonde mengi yakageuzwa kuwa ya mahindi na mihogo.

Lilipofunguliwa tena, miaka si mingi iliyopita, waliolifungua walikuwa wanachama wachache, aghalabu wanawake, nao waliniita nikae katika kamati kwa sababu ya ukarani wangu wa zamani. Sasa hapakuwa na bei ya kutangazwa na mtu. Ilitupasa tuitafute wenyewe. Katika mkutano wa kwanza mama mmoja alisimama akaniuliza, "Mzee, tutajuaje kwamba bei tuliyoletewa ni ya haki, na sisi hatuna kinu?" Nikamjibu, "Tutaanzia kinuni, mama, halafu turudi nyuma hadi kondeni."

Hesabu tuliyoifanya ubaoni ilikuwa hivi, na tarakimu zake ni za mfano tu. Kilo tatu za pamba ghafi hutoa takriban kilo moja ya nyuzi, na zilizobaki karibu zote ni mbegu, ambazo nazo huuzwa kwa wakamuaji wa mafuta. Ikiwa kilo ya nyuzi ni shilingi 160, na kilo mbili za mbegu ni shilingi 40, basi katika kilo tatu zetu zimo shilingi 200. Toa 30 za kuchambua na kufunga robota, 12 za gari, na 8 za chama. Zimebaki 150, ambazo zikigawanywa kwa tatu ni shilingi 50 kwa kilo. Mnunuzi akija na 35 tutamwuliza ni gharama gani aliyoiona yeye tusiyoiona sisi, na akija na 70 tutamwogopa zaidi, kwa kuwa hapana atoaye mali yake bure.

Kisha tukapima thamani ya mfuko wa pili. Mwenye kilo 100, akitenga 80 za safi kwa shilingi 50 na 20 za fifi kwa 25, hupata shilingi 4,500. Akizichanganya, na mnunuzi akampa 35 kwa zote, hupata 3,500. Shilingi 1,000 zilizopotea ndizo ujira wa vidole vya watoto wake. Na tangu siku hiyo sikuhitaji kumhubiria mtu habari ya daraja.

Lililobaki, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni mnunuzi. Tulijifunza kutomkadiria kwa bei yake, bali kwa masharti anayokubali kuyaandika. La kwanza, ni mizani ipi iliyo ya mwisho, ya ghalani au ya kinuni? Pamba hukauka njiani na kupungua, na mnunuzi asemaye kwamba atalipa kwa uzito wa kinuni amemtwika mkulima hasara ya safari. Sisi twasisitiza mizani ya ghala, iliyopigwa muhuri na wakaguzi wa vipimo, na kabla ya kuanza twapandisha juu yake jiwe la kilo 20 mbele ya pande zote mbili. La pili, sampuli mbili hutolewa katika kila shehena na kutiwa lakiri, moja huenda na gari na moja hubaki kwetu, ili ukizuka ubishi wa daraja kuwe na shahidi. La tatu, malipo: aletaye shilingi 54 za kulipwa baada ya miezi mitatu ni duni kwa mwenye 50 za leo. Twapenda zaidi yule anayetanguliza sehemu ya fedha na kuleta magunia ya pamba au katani mwenyewe, maana aliyekwisha kuweka mali yake ghalani kwetu ana sababu ya kurudi.

Na bado chama huvunjika mahali pale pale kinapovunjikia siku zote. Mwanachama ambaye mtoto wake amefukuzwa shule hawezi kungoja gari lijae. Atamwuzia dalali usiku, na kila gunia lipitalo njia hiyo huliacha gari nusu tupu, na gharama ya safari kuwapandia waliobaki waaminifu. Kumtoza faini hakusaidii. Tulichokiona kikifaa ni akiba ya chama, hata ikiwa ndogo, ya kumlipa nusu ya thamani siku aletapo mzigo, na iliyobaki baada ya mauzo. Kenya ina sheria ya stakabadhi za ghala tangu mwaka 2019, ambayo shabaha yake ni hiyo hiyo, mazao yaliyohifadhiwa yawe dhamana ya mkopo; lakini si rahisi kwa ghala dogo la kijijini kutimiza masharti ya kupewa leseni, kwa hiyo kwetu akiba ya wanachama ndiyo iliyofanya kazi.

Pamba ya Muhuru leo ni kidogo kuliko niliyoipima ujanani, na sidai kwamba itarudi kama ilivyokuwa. Lakini yeyote atakayeanzisha chama, kiwe cha pamba, cha njugu au cha mtama, namsihi asianze kwa kumtafuta mnunuzi. Na aanze kwa mifuko miwili kiunoni mwa mchumaji, kisha mizani iliyokaguliwa, kisha akiba ya kulipa nusu siku ile ile. Akisha kuwa na hayo matatu, ndipo amwite mnunuzi, nao wazungumze bei.