Nambari 94

Ofisi za serikali hufungua tunapofungua na kufunga tunapofunga, kwa hivyo kitambulisho huchukuliwa lanchi. Yetu ni saa saba hadi saa nane.

Tiketi yangu ilitoka saa 7:10: nambari 94. Kwa skrini walikuwa 71. Madirisha matatu, karani mmoja. Wenzake nao wameenda kula. Saa 7:30 wakafika 76. Kila mtu dakika nne, mbele yangu kumi na wanane: dakika 72. Nikamtumia bosi meseji na picha ya tiketi, kabla lanchi haijaisha.

Nilirudi saa tisa. Bosi akaniambia, "Kila mtu hapa husema kulikuwa na laini."

Ni kweli, na ndiyo sababu saa ya meseji ni muhimu. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kukosa kazini bila ruhusa au sababu halali ni kosa la kufutwa, ingawa lazima usikilizwe kwanza. Foleni haiwezi kunitetea. Karatasi yenye nambari na saa inaweza.

Akaitazama tiketi. "Saa hiyo utailipa jioni." Nikailipa.