Utepe wa Karatasi, Mwaka wa Ukame

Mwanzoni mwa 2006 Rais Mwai Kibaki alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Sisi wahudumu wa afya tulizunguka vijiji vya Kitui na Makueni tukipima mikono ya watoto kwa utepe unaozungushwa kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 aliyesoma chini ya milimita 110 alikuwa kwenye nyekundu, na alipelekwa kutibiwa bila kungoja. Mwaka 2009 kiwango hicho kilipandishwa hadi 115.

Tepe za plastiki zilipotuishia, tulipewa faili ya PDF tukachape wenyewe. Katika duka la kompyuta mjini Kitui karatasi zilitoka safi, rangi zote mahali pake. Nilikuwa nimeshika makasi tayari nesi wetu aliposema, "Ngoja kwanza, mwanangu," akatoa rula ya chuma.

Pembeni mwa ukurasa palikuwa na mstari ulioandikwa milimita 200. Aliupima kuanzia alama ya sentimita 1, maana ncha ya rula huchakaa. Akapata 192.

Faili ilipangwa kwa karatasi ya Kimarekani, Letter, yenye upana wa milimita 216, na ya dukani ilikuwa A4, yenye 210. Programu iliuminya ukurasa wote uenee ndani ya pambizo za printa, ukabaki asilimia 96.

"Sasa mtoto wa 108 atasoma ngapi?" nesi akamuuliza kijana wa duka. Kijana akagawanya kwa 0.96, akapata 112.5. Mtoto mgonjwa angeangukia kwenye njano na kurudishwa nyumbani, kwa sababu alama ya 110 ilikuwa imekaa kwenye milimita 105.6.

Kijana alifungua tena dirisha la kuchapa, na kwenye `Page Scaling` akachagua `None`. Programu za leo huandika `Actual size`. Kingo za Letter zilikatika kidogo, lakini hapakuwa na kitu pale. Safari hii mstari ulisoma 200. Nesi akapima na mstari wa wima wa ukurasa huo pia, kwa kuwa printa inaweza kuvuta karatasi vibaya upande mmoja tu. Kutoa fotokopi alikataa, isipokuwa kila nakala ipimwe upya, kwani mashine nyingine hupunguza kidogo bila kusema.

Baadaye, kule Makueni, tuliletewa faili nyingine yenye mstari wa kukagulia wa milimita 20. Nesi aliikataa. Asilimia 4 ya 20 haifiki hata milimita moja, na jicho husamehe hapo. Kwenye 200 ni milimita 8, na hakuna asiyeziona. Alituchorea mwingine mrefu, na ukurasa ambao mstari wake haukusoma 200 haukukatwa.