Kenya Haina IBAN

Mshahara wa shangazi yangu aliye Riyadh ndio karo ya binamu zangu hapa Machakos. Juzi aliandika: "Nitumie IBAN ya susu." Haipo. Kenya haitumii IBAN. Yeye ndiye anayo, alama 24 zinazoanza na SA, na mwajiri humlipia hapo.

Nilimtumia jina la susu lilivyo kwenye akaunti, namba ya akaunti, namba ya tawi na SWIFT. Ya KCB ni KCBLKENX. Hiyo KE ndiyo Kenya.

Fomu ikidai IBAN, usibandike KE mbele ya namba ya akaunti. Tarakimu mbili zinazofuata herufi za nchi hupigiwa hesabu, kwa hivyo ya kubuni hukataliwa. Angalia kwanza kama nchi ya mpokeaji imeandikwa Kenya.